Jedwali la prompti lililoniokoa baada ya kuharibu sini ya nne

Mwaka jana nilichukua kazi ndogo ya video, mwalimu mmoja wa chekechea hapa Tanga alitaka hadithi fupi ya kuonyesha watoto, nikampa ile aliyokuwa akitusimulia bibi, ya mtoto aliyetaka kuutega upepo kwenye kikapu ili jahazi la babu yake lisikwame tena baharini. Dada yangu akaisoma kwa sauti, tukarekodi kwa simu chumbani tumezungushia blanketi, ikatoka sekunde 68. Mi nikaigawa sini 12, nikasema hii kazi ya wikiendi mbili tu. Ilinichukua wiki tano, na karibu wiki mbili kati ya hizo nilikuwa natafuta vitu ambavyo nilishavitengeneza mwenyewe.

Niseme kwanza nilitumia nini maana bila hivyo maelezo mengine hayataeleweka. Jamaa yangu ana kompyuta yenye kadi ya RTX 3060 ya GB 12, tukaweka programu ya ComfyUI na modeli ya kutengeneza video ya Wan 2.1, ile iliyotoka Februari 2025, nikachukua ile ndogo ya vigezo bilioni 1.3 kwa sababu ile kubwa kwa kadi kama yetu ni kujitesa. Hiyo ndogo inatengeneza video kutokana na maneno tu, haianzii kwenye picha, na ukubwa wake ni 832 kwa 480. Klipu moja inatoa fremu 81 zinazochezwa 16 kwa sekunde, yaani sekunde tano na nukta kidogo. Kwa mashine yetu klipu moja ilikuwa inakula dakika 12 mpaka 15. Kwa hiyo kila klipu niliyoipoteza ni robo saa ya umeme wa jamaa, na yeye alikuwa anahesabu haswa, hanisemi ila anaangalia luku.

Mwanzoni sikuwa na jedwali lolote. Prompti, yale maneno ya kuieleza modeli unachotaka, nilikuwa naandika moja kwa moja kwenye boksi, inatoka klipu, nikiipenda naiacha, nisipoipenda nabadilisha neno moja mbili narudia. Faili zilikuwa zinatoka na jina ambalo ile nodi, kile kisanduku cha ComfyUI cha kusevu video, inalo yenyewe, `AnimateDiff_00001.mp4`, `AnimateDiff_00002.mp4`, inaendelea hivyo hivyo. Nilikuwa najiambia nazikumbuka, ya nne ndo ile ya mtoto anakimbia ufukweni, ya tisa ni jahazi kwa mbali.

Sasa Jumapili moja nikataka kwenda kuangalia klipu nyumbani kwa utulivu, nikazihamisha zote kwenye fleshi. Sikuzikopi, nilizihamisha, folda ya kule ikabaki tupu. Kesho yake nikarudi nikaendelea kurenda, yaani kutengeneza klipu. Nilichokuwa sijui ni kwamba ile namba ya mwisho wa jina haitokani na kumbukumbu yoyote, programu inaangalia tu namba kubwa iliyopo kwenye folda halafu inaongeza moja. Folda ikiwa tupu inaanza upya 00001. Jioni nikachomeka fleshi nikakopi za siku hiyo, ikaniuliza kama nataka kubadilisha faili zilizopo, nikabonyeza ndiyo kwa zote maana nilidhani inaongelea zile zile. Hapo ndo sini ya nne ikaenda. Mtoto anakimbia na kikapu, kanga ya mama inapepea nyuma, mawimbi yanakuja vizuri kabisa, klipu niliyoipata baada ya kujaribu mara kadhaa, juu yake imekaa jahazi lenye milingoti mitatu ambalo hata sikulitaka.

Mtu atasema si ungerudia tu na prompti ile ile. Prompti ipi? Nilikuwa nishaibadilisha mara ishirini toka siku ile. Na ile picha ndogo ya PNG ambayo nodi inaisevu pembeni ya video, ambayo ndani yake ina setingi zote, nayo ina jina lile lile la video, kwa hiyo nayo ilifunikwa.

Usiku ule nikafungua Google Sheets.

Jedwali la kwanza lilikuwa na kolamu tano tu: sini, muda, prompti, setingi, faili. Kwenye karatasi inaonekana inatosha. Ila kila kolamu ilinifundisha kwa wakati wake kwamba nimeijaza na kitu nilichokusudia, na siyo kitu kilichotokea kweli, na hivyo vitu viwili ni tofauti sana ukirudi wiki tatu baadaye.

Nianze na muda maana ndo ulioniaibisha mapema. Nilijaza 5 chini mpaka mwisho, sini 12 mara tano ni 60, nikasema zile nane zilizobaki nitazivutavuta. Ujinga. Nikakaa na sauti ya dada, nikasikiliza sini moja moja na saa ya simu, nikaandika muda ambao sauti inauhitaji:

```
S01 3   S02 5   S03 9   S04 5
S05 4   S06 8   S07 5   S08 6
S09 5   S10 4   S11 5   S12 9
```

Jumla 68, sawa na rekodi. Ila angalia kilichojificha. Upungufu siyo sekunde nane, ni 12, kwa sababu sini ya 3, ya 6, ya 8 na ya 12 zinataka zaidi ya ninachoweza kutengeneza kwa klipu moja, na zile sekunde nne zinazobaki kwenye sini ya 1, ya 5 na ya 10 huwezi kuzihamishia kule, sini ya alfajiri hainyooshi sini ya dhoruba. Jumla ya chini ilikuwa inanificha hilo, ikabidi niliangalie mstari kwa mstari.

Nikajaribu kwanza njia ya mkato, nikaongeza fremu ziwe 97 kupata sekunde sita kwenye sini ya nane. Klipu ilitoka, ila kwangu kila nilipopita 81 mwendo ulianza kujirudia mwishoni, nahodha, yule babu, anavuta kamba halafu anairudisha kamba kama vile kabadili mawazo. Nikaachana nayo. Badala yake sini ndefu nikazipasua, 3A na 3B, 6A na 6B, 12A na 12B, na kila kipande nikakipa pembe yake: A kwa mbali, B kwa karibu kwenye mikono au kwenye tanga. Ukikata hivyo mtazamaji hashangai, ila ukijaribu kuunganisha klipu mbili za pembe moja kwa modeli isiyoanzia kwenye picha, jahazi linaruka kutoka kushoto kwenda kulia ghafla kama limepigwa na radi.

Kwa hiyo kolamu ya muda ikawa mbili, sekunde inazotaka sauti na fremu ninazoagiza. Hii modeli inataka fremu ziwe nne mara kitu halafu ongeza moja, 49, 65, 81 na kadhalika, so nikaweka hesabu ijifanye yenyewe:

```
=D2*16+1
```

Sekunde 3 inatoa 49, 4 inatoa 65, 5 inatoa 81. Hata ukiandika robo ya sekunde inakubali. Faida niliyoiona haraka ni kwamba klipu ya sekunde tatu hairendi kwa muda wa klipu ya tano, na mi nilikuwa natengeneza tano kila mahali halafu nakata mbili natupa. Luku ya jamaa ikapumua.

Kolamu ya setingi nayo. Mwanzoni nilikuwa naandika kila kitu kwenye kila mstari, ukubwa, `steps`, `cfg`, sampla, na ile prompti ya vitu usivyovitaka ambayo kwenye mfano wa Wan inakuja imeandikwa Kichina kirefu na mi sikuwahi kuigusa. Seli ikawa ndefu hata huoni chochote. Nikafungua ukurasa wa pili kwenye shiti hiyo hiyo, nikaandika mara moja tu, nikaipa jina SET1: 832x480, `steps` 30, `cfg` 6, `uni_pc`, `simple`, `shift` 8, na yale maandishi ya Kichina yote nikayapesti pale. Kwenye jedwali kubwa nikawa naandika SET1 basi. Nikibadilisha hata kitu kimoja, mfano `steps` zikiwa 20 kwa kujaribu, sibadilishi SET1, natengeneza SET2. Kazi nzima iliisha na SET tatu tu.

Sasa tuje kwenye `seed`, hapa ndo nilipotea vibaya na sikujua kwa siku tisa nzima.

Kama hujawahi kuitumia, `seed` ni namba inayoamua ule mchanganyiko wa mwanzo ambao video inachongwa kutoka kwake. Namba ile ile, prompti ile ile, setingi zile zile, idadi ya fremu ile ile, kwenye mashine ile ile, unapata video ile ile. Badilisha chochote hapo na huna tena uhakika, hasa ukubwa na fremu. Mi nilishajaribu kutafuta `seed` nzuri kwa video ndogo ya kasi halafu niikuze, nikapata jahazi lingine kabisa, bahari nyingine, hata jua limehamia upande wa pili. Ndiyo maana bila kolamu hii jedwali zima ni shajara tu, unasoma ulichofanya ila huwezi kukirudia.

Basi nikawa mtiifu. Klipu ikitoka nzuri, naangalia boksi la `seed` kwenye skrini, naikopi, napesti. Siku ya tisa nikataka kurudia sini ya 5 kwa sababu faili yake ilikuwa imekatika katikati, umeme ulikatika wakati inasevu. Nikapesti prompti, nikapesti `seed`, nikasubiri robo saa, ikatoka nahodha mwingine, mnene, amekaa upande wa pili wa chombo. Nikajaribu sini ya 2. Tofauti. Sini ya 7. Tofauti. Nikaanza kudhani kadi imeharibika.

Kumbe chini ya boksi la `seed` kuna kingine kinaitwa `control_after_generate`, na changu kilikuwa kwenye `randomize`. Maana yake ni kama jina linavyosema, ukishabonyeza kurenda, namba inayotumika inachukuliwa halafu boksi linabadilishwa papo hapo liwe na namba ya klipu inayofuata. Kwa hiyo muda wote klipu inarenda na hata baada ya kumaliza, namba unayoiona siyo ya klipu uliyonayo mkononi, ni ya klipu ambayo hujaitengeneza bado. Mi kwa siku tisa nilikuwa naandika namba za watoto ambao hawajazaliwa.

Hapa nilipona kwa sababu moja. Zile PNG za pembeni. Wakati huo faili zilikuwa na majina yake kila moja (nitalisema hilo sasa hivi), kwa hiyo PNG zilikuwepo zote. Ukiiburuta PNG ukaiachia kwenye ukurasa wa ComfyUI inafungua kazi nzima kama ilivyokuwa wakati unabonyeza, na `seed` iliyotumika kweli. Nikakaa jioni moja naburuta moja moja, nasahihisha kolamu. Zikawa 34.

Na hapo hapo nikaona tatizo la pili ambalo lingenimaliza hata kama ningekopi namba sahihi. Baadhi ya hizo namba zina tarakimu 16, na shiti ikiona namba inashika tarakimu 15 tu, ya 16 inageuka sifuri. Unapesti namba inayoishia na 7, unakuta inaishia na 0, na jicho haliwezi kulishika hilo. Dawa ni kuifanya kolamu iwe maandishi matupu kabla hujapesti, au uanze na alama ya `'` mbele ya namba. Ila mi niliamua kuachana na hizo namba ndefu kabisa. `seed` haina haja ya kuwa kubwa, hakuna namba iliyo bora kuliko nyingine. Nikaweka `control_after_generate` kwenye `fixed` na nikawa nachagua mwenyewe, sini mara mia ongeza teki, yaani jaribio la ngapi la sini hiyo. Sini ya 3 teki ya 2 ni 302. Sini ya 11 teki ya 4 ni 1104. Hata nikisahau kuandika, naijua. 3A na 3B zinatumia namba moja na haina shida maana prompti zao ni tofauti.

Sasa majina ya faili. Kwenye ile nodi ya kusevu video kuna boksi la `filename_prefix`, mwanzo wa jina la faili, ndo linalokuja na hilo neno AnimateDiff. Nikaanza kulijaza kutoka kwenye jedwali, na jedwali lenyewe linalijenga:

```
="S"&TEXT(A2,"00")&B2&"_T"&TEXT(C2,"00")
```

A ni sini, B ni kipande kama kipo, C ni teki. Inatoa `S03A_T02`. Zile sifuri za mbele siyo urembo, ukiandika S3 na S12 programu nyingine zinaweka S12 kabla ya S3 na utaedit hadithi ya watoto inayoanza na mwisho. Programu yenyewe inaongeza namba yake, so faili kamili linakuwa `S03A_T02_00001.mp4`, na jina hilo kamili ndo linaloingia kwenye kolamu ya faili baada ya kuliona kwenye folda kwa macho yangu, siyo kabla.

Na ile namba ya mwisho niliyokuwa naichukia ikawa kengele. Kila teki ina jina lake, kwa hiyo kila faili lazima liishie na 00001. Nikiona `S07_T03_00002.mp4` najua nimerenda mara ya pili bila kubadilisha `filename_prefix`, yaani kuna klipu ipo kwenye folda na haina mstari kwenye jedwali. Ilitokea mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa usiku baada ya saa tano.

Mstari mmoja ukawa hivi, nimetoa prompti ili uenee:

```
sini|kip|teki|sek|fremu|seed|set |faili
03  |A  |02  |5  |81   |302 |SET1|S03A_T02_00001.mp4
```

Baada ya hapo kuna kolamu mbili nilizoziongeza baadaye, moja ya alama, ndiyo au hapana au labda, na nyingine ya sababu kwa maneno machache. Hiyo ya sababu usiidharau. "Hapana, mkono una vidole sita." "Hapana, tanga la mraba." "Labda, nzuri mpaka sekunde ya 3." Ile ya mwisho iliniokoa kwenye sini ya 1 iliyokuwa inataka sekunde tatu tu.

Imebaki prompti, na hii ndo niliyodhani haiwezi kunisumbua, maana ni kupesti maneno tu.

Prompti nilikuwa naandika Kiingereza kwa sababu Wan imefundishwa zaidi kwa Kiingereza na Kichina, na maneno yetu mengine haiyajui. Nikiandika kikoi napata suruali. Nikiandika kofia ya kwetu kwa jina lake napata kofia ya mkulima wa Meksiko. Jahazi ikiachwa yenyewe inaleta merikebu ya maharamia. Ikabidi nieleze kitu kwa umbo lake, kitambaa cha bluu cha mistari kimefungwa kiunoni, kofia nyeupe ya mviringo iliyodariziwa, chombo kidogo cha mbao chenye tanga moja la pembetatu. Ya sini ya 3A mwishoni ilikuwa hii:

```
old African sailor, short white beard,
white embroidered round cap, blue striped
cloth wrapped around waist, pulling a thick
rope, small wooden boat, single triangular
sail, wide shot, early morning light
```

Yale ya nahodha yanajirudia kila sini aliyomo, neno kwa neno, la sivyo anabadilika sura. Kusema kweli anabadilika hata hivyo, modeli inayotumia maneno tu haiwezi kukushikia uso wa mtu sini 12, ndo maana nahodha wangu muda mwingi anaonekana mgongo, mikono, au kwa mbali. Ila nguo zikiwa zile zile mtoto wa miaka mitano anaamini ni babu yule yule.

Sasa mi nikajiona fundi. Nikafungua ukurasa unaitwa Wahusika, nahodha kwenye B2, mtoto kwenye B3, na kwenye jedwali kubwa prompti ikawa inajiunga yenyewe, kitendo kikiwa kwenye kolamu ya K:

```
=Wahusika!$B$2&", "&K5
```

Ilikuwa raha. Sini mpya unaandika kitendo tu, nahodha anakuja mwenyewe. Mpaka nilipofika sini ya 6 nikaona kofia haitoki vizuri, nikaenda Wahusika nikaongeza lile neno la kudariziwa. Kofia ikanyooka. Nikafurahi nikaendelea.

Wiki moja baadaye nikahitaji kurudia sini ya 2 kwa sababu nilitaka fremu chache zaidi mwanzoni, nikasema kwanza niitoe ile ile nione kama mashine bado inakubali. `seed` 203, SET1, fremu 81, prompti nimekopi kutoka kwenye mstari wake. Ikatoka tofauti. Safari hii `seed` nilikuwa na uhakika nayo. Nikaburuta PNG ya zamani nikaweka prompti mbili sambamba, moja ya kwenye PNG na moja ya kwenye jedwali, nikasoma neno kwa neno kama mtu anayekagua mkataba. Lile neno la kudariziwa. Kwenye PNG halipo, kwenye jedwali lipo. Nilipobadilisha B2 kwa ajili ya sini ya 6, ile fomula ilienda kimya kimya ikabadilisha prompti za sini zote zilizopita, na jedwali likawa linaniambia nilitumia maneno ambayo sikuyatumia.

Sikuifuta fomula, inasaidia sana kabla ya kurenda. Ila nikishabonyeza kurenda, kitu cha kwanza ninachofanya wakati nasubiri ile robo saa ni kuichukua seli ile, kukopi, halafu `Ctrl+Shift+V` juu yake yenyewe. Inabaki maandishi tu, fomula inakufa, hata nikimbadilisha nahodha akawa mwanamke mstari ule hautikisiki. Seli zilizoganda nazipaka kijivu. Nikiangalia jedwali kijivu ni historia na nyeupe ni mipango, na nikiona mstari mweupe wenye jina la faili najua hapo kuna kitu sijakamilisha.

Teki mpya ni mstari mpya, hii nimeishika. Nilishawahi kufuta namba ya teki nikaandika nyingine juu yake kwenye mstari ule ule ili jedwali liwe fupi, matokeo yake teki ya 2 iliyokuwa nzuri zaidi haikuwa na kumbukumbu yoyote zaidi ya faili. Mwisho jedwali lilifika mistari 71 kwa klipu 15 zilizotumika. Nachuja kolamu ya alama kwenye ndiyo, nabaki na 15.

Na hizo 15 ndo zinanitolea rasimu bila hata kufungua programu ya kuediti. Kolamu moja ya pembeni inaandika hivi:

```
="file '"&H2&"'"
```

Napesti mistari yote 15 kwenye faili la maandishi, naliita `orodha.txt`, naliweka folda moja na klipu, halafu naziunganisha kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy rasimu.mp4
```

Sekunde mbili tatu nina video nzima ya kumtumia mwalimu wasapu aangalie mpangilio. Inakubali hivyo kwa sababu klipu zote zina ukubwa mmoja na kasi moja ya fremu, ukichomeka moja yenye kipimo kingine inaanza kukwama au kukimbia, na hiyo nayo ni njia ya kugundua kuna SET imeingia ambayo hukuikusudia.

Mwalimu akaipenda, baada ya siku mbili akapiga.

"Kaka, nzuri sana, watoto wameomba irudiwe mara nne. Ila pale mtoto anapofungua kikapu, hana shati. Wazazi wengine watasema."

"Pale mwishoni, mwalimu, au pale ufukweni?"

"Pale upepo unatoka."

Sini ya 9. Nilikuwa kwenye daladala, nikafungua shiti kwenye simu, teki ya 3, `seed` 903, SET1, fremu 81, prompti kijivu. Kweli sikuwa nimeandika nguo yoyote ya juu kwenye mstari ule, mtoto nilimweleza kwa kikapu na miguu mitupu basi. Jioni nikaenda kwa jamaa, nikaongeza maneno matatu ya shati jeupe, `seed` nikaiacha ile ile 903 safari hii, makusudi, nikaandika kwenye kolamu ya sababu kwamba teki ya 4 imeazima `seed` ya teki ya 3. Ukibadilisha maneno machache na namba ikabaki, mara nyingi mpangilio wa picha unabaki karibu na ule wa kwanza, siyo lazima lakini mara nyingi. Ikatoka mtoto pale pale, kikapu pale pale, shati limekuja, ila mkono wa kushoto umezama ndani ya kikapu mpaka kwenye kiwiko na hautoki. Teki ya 5 nikaisogeza `seed` iwe 905, bahari ikahamia upande mwingine, hapana. Teki ya 6 nikarudi 903 na kubadilisha sehemu ya shati nikaisogeza mwanzo wa prompti kabla ya kikapu. Hiyo ikakubali. `S09_T06_00001.mp4`, ndiyo, "shati limekaa, mkono sawa". Nikabadilisha mstari mmoja kwenye `orodha.txt`, nikarudia ile amri, nikaiwekea sauti ya dada, nikatuma. Dakika kama 50 hivi tangu nikae kwenye kiti, na 40 ni kusubiri kadi.

Sini ya 8 mpaka leo ni sekunde tano tu na sauti yake inataka sita. Nilichofanya ni kuipunguza kasi kidogo sini ya 7 ili nahodha aendelee kuvuta kamba nusu sekunde wakati dada keshaanza kusoma ya nane, na nusu nyingine nikaitoa kwenye pale alipovuta pumzi. Ukisikiliza kwa makini utasikia pumzi imekatika. Kwenye jedwali, kolamu ya sababu, nimeandika "labda".